Kitanda au fimbo? Neno kwa mnaoanza kutafsiri Agano la Kale

Andika k-l-m kwenye karatasi, umpe mwenzako asome. Mmoja atasoma kalamu, mwingine kilimo, mwingine kilema. Maandiko ya Kiebrania yalinakiliwa hivyo kwa karne nyingi: konsonanti, na herufi chache tu za kudokeza irabu. Alama za irabu mnazoziona leo ziliwekwa na Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi walioyatunza maandiko hayo, hasa wale wa mji wa Tiberia, kati ya karne ya 7 na ya 10 baada ya Kristo. Hawakuzibuni, walikuwa wakihifadhi namna maandiko yalivyosomwa katika sinagogi. Ndiyo maana tunaziheshimu. Hata hivyo, hazina umri mmoja na konsonanti zilizo juu yake.

Mimi nilijifunza hili katika Mwanzo 47:31. Yakobo ni mzee, Yusufu amemwapia, naye anainama. Anainama wapi? Neno lina herufi tatu: mem, tet, he. Wamasoreti walilitia irabu lisomeke mitta, yaani kitanda, basi Yakobo aliinama upande wa mchago. Ukilisoma matte, bila kugusa hata konsonanti moja, ni fimbo. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo, zamani kabla ya alama hizo, walisoma fimbo. Waebrania 11:21 inafuata Kigiriki hicho.

Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika "fimbo" kwenye Mwanzo ili ipatane na Waebrania. Aliyenikagua hakubishana nami. Aliniambia tu, "Mwanangu, endelea hadi 48:2." Nikasoma: Yakobo anajitia nguvu, anaketi juu ya kitanda. Neno ni lile lile, na hapo hata Kigiriki kinasema kitanda. Kisha akanionyesha 1 Wafalme 1:47, Daudi mzee akiinama kitandani mwake. Nikarudisha kitanda.

Lakini fimbo si kosa la kijinga, na zipo tafsiri nzuri zilizoichagua. Kwa hiyo tukaweka tanbihi: "Au: juu ya fimbo yake. Konsonanti za Kiebrania zaweza kusomwa hivyo, na ndivyo ilivyo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, taz. Ebr 11:21." Waebrania tukaiacha na fimbo yake, kwa sababu ndiyo aliyoandika mwandishi.

Mkikutana na neno la namna hii, anzeni na irabu zilizopo. Achaneni nazo pale tu usomaji mwingine unapokuwa na shahidi wa kale, kama tafsiri ile ya Kigiriki, na muktadha ukiuunga mkono zaidi. Kubadili irabu ni jambo jepesi kuliko kubadili konsonanti, na wepesi huo ndio unaomponza mgeni: kila mstari mgumu huanza kumwonekea kama wenye irabu mbaya. Pasipo shahidi wala sababu katika muktadha, msiandike hata tanbihi.