Ovataimu ya holidei ni mara mbili, sio moja na nusu

Dada mmoja wa Kisumu ameniandikia inboksi, anafanya kazi supamaketi, anauliza mbona Leba Dei alilipwa sawa tu na ovataimu ya Jumanne. Dadangu, hiyo stori naijua vizuri, mimi niko Nakuru kwa kiwanda na ilinikuta.

Oda ya jumla ya mishahara hapa Kenya inasema hivi: ovataimu ya siku ya kawaida ni mara moja na nusu, ya siku yako ya kupumzika au ya holidei ni mara mbili. Kama unalipwa kwa mwezi, mshahara wa saa moja unaupata kwa kugawanya besik kwa 225. Besik peke yake, hausi alawansi weka kando.

Besik yangu ilikuwa 27,000. Gawanya kwa 225 unapata 120 kwa saa. Holidei ya masaa nane mara mbili ni 1,920, lakini peislipu ilionyesha 1,440, yaani mtu alizidisha kwa moja na nusu akaenda zake. Shilingi 480 zimepotea kila holidei, na nilikuwa nimeingia Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Leba Dei na Madaraka, hiyo ni 1,920. Mtu atasema ni pesa kidogo, sawa, si zake.

Sapavaiza nilimuuliza kwa mdomo akanicheka mbele ya shifti nzima, eti nimekuwa wakili. Bado inaniuma. Kwa hivyo usiulize kwa mdomo, andika imeili kwa mtu wa mishahara, na usiandike "mnatuibia", andika kama hesabu: tarehe, masaa, nililipwa hivi, ilifaa iwe hivi, tofauti ni hii, naomba irekebishwe kwa peiroli ijayo. Ambatanisha peislipu na picha ya rota. Rota ndio ukuta wako, maana peislipu nyingi zinaandika "ovataimu masaa 40" bila kutenganisha holidei na siku zingine, hapo huwezi kuonyesha chochote, so piga picha rota kabla haijabanduliwa. Wakikuambia wanagawanya kwa 240 pia uliza, kwa sababu kugawanya kwa namba kubwa kunashusha saa yako.

Kwanza lakini angalia kontrakti, na makubaliano ya chama kama mko nacho, yanaweza kuwa mazuri kuliko oda. Walinzi na watu wa mashamba wana oda zao, wasome hizo.

Wakinyamaza, peleka karatasi zilezile ofisi ya leba. Na usikae nazo tu, madai ya kazi yana mwisho wa miaka mitatu, watu wanangoja mpaka wafutwe ndio wanakumbuka holidei za zamani, jamani!

Mimi ariasi ziliingia na mshahara wa mwezi uliofuata, zikakatwa ushuru kama pesa ingine yoyote. Sapavaiza naye alilipwa zake kwa peiroli hiyohiyo, na hajawahi kuniambia asante.