Re: Hisa nane na bado zote zinashuka pamoja

"Niko na kampuni nane NSE, tano ni benki. Si hapo nimetawanya risk?"

Sasa ndugu. Cheki kwanza pesa yako iko wapi, usihesabu majina. Tuseme una laki moja, na kati ya hizo, elfu themanini ziko kwa hizo benki; zikishuka asilimia kumi zote umepoteza elfu nane, hata zile tatu zingine zikikaa tu pale pale. Na benki hushuka pamoja kwa sababu zinapigwa na kitu kimoja. Agosti 2016 sheria ya kuwekea riba kikomo iliposainiwa hisa za benki ziliporomoka karibu zote, mi nilikuwa na nne na nikadhani niko salama, iliniuma sana.

Chukua bei za kila wiki za mwaka mmoja, geuza ziwe asilimia ya mabadiliko (ukitumia bei zenyewe jibu litakudanganya), halafu linganisha mbili mbili kwa Excel, mabadiliko ya hisa moja yakiwa safu B na ya nyingine safu C:

```
=CORREL(B2:B53,C2:C53)
```

Ikikaribia 1 hizo ni kama hisa moja. Lakini soko likiingiwa na hofu hata zenye 0.3 huanza kushuka pamoja, kwa hivyo mi huweka sehemu kwa tirezari bili.