Ratiba ya marudio ukiwa bado wodini: ianze kwenye rosta

Swali: *"Wakuu, mitihani ya mwisho ya uuguzi inaanza baada ya wiki sita na bado niko wodini, zamu za asubuhi, jioni na usiku. Kila ratiba ninayoitengeneza inavunjika ndani ya siku tatu. Nipange vipi?"*

Ratiba nyingi za wanafunzi wa uuguzi hufa kwa sababu moja: zimeandikwa kwa siku za wiki. Mtu anaandika "Jumatatu saa 12 hadi saa 4 usiku, magonjwa ya moyo", halafu wiki ya pili Jumatatu inamkuta yuko zamu ya usiku. Anakosa siku moja, anajilimbikizia deni, siku ya tatu anaiacha ratiba yote. Kwa hiyo weka kalenda pembeni kwanza, chukua rosta, na upange kwa aina ya siku.

Kipimo changu ni kipindi cha dakika 45 na mapumziko ya dakika 10. Tuseme zamu ya asubuhi ni saa 1 hadi saa 9 alasiri, ya jioni ni saa 8 mchana hadi saa 3 usiku, na ya usiku ni saa 2:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi. Saa za kwako zikiwa tofauti, sogeza tu.

Siku ya zamu ya asubuhi ina vipindi 2, basi. Usiviweke mara tu baada ya zamu. Makabidhiano huchelewa, kuna safari ya kurudi, kuna kula, na mwili umesimama saa nane. Vianze saa 12:30 jioni, ukiwa umelala dakika 20 hadi 30 kabla yake. Ukivipanga saa 10 alasiri utavikosa mara tatu kwa wiki na utadhani tatizo ni uvivu.

Siku ya zamu ya jioni ndiyo watu wengi wanaipoteza. Wanalala hadi saa 4 asubuhi kwa sababu zamu ni mchana. Hiyo asubuhi ina vipindi 3 vizuri kuliko vyote vya siku za kazi, kuanzia saa 2:30. Mada ngumu ziende hapo.

Zamu ya usiku inahitaji uangalifu zaidi. Siku ya kuingia usiku wa kwanza umelala kawaida, kwa hiyo asubuhi ina vipindi 3, halafu mchana ulale angalau saa moja na nusu kabla ya kwenda kazini. Siku iliyo katikati ya usiku mbili ina kipindi 1 tu, jioni kabla ya kutoka, na kiwe cha kujiuliza maswali ya mambo uliyokwisha kusoma. Asubuhi unayotoka usiku usisome kitu kipya. Utapitisha macho kwenye ukurasa na kesho yake hutakumbuka hata kichwa cha habari, maana usingizi ndio unaopanga ulichojifunza kichwani, na wewe ndio kwanza unaudai. Chumba kiwe na giza, simu iwe kimya, na kikombe cha mwisho cha kahawa kiwe kabla ya saa 9 usiku ikiwa utalala saa 3 asubuhi. Baada ya usiku wa mwisho lala hadi saa 7 mchana tu, amka, fanya kipindi 1 chepesi jioni, kisha uingie kitandani saa 3 au saa 4 usiku ili urudi kwenye mzunguko wa kawaida.

Siku ya mapumziko weka vipindi 5. Watu huandika 10, wanafanya 4 na kuumia moyo.

Sasa tuihesabu wiki moja halisi. Jumatatu na Jumanne asubuhi, Jumatano jioni, Alhamisi na Ijumaa usiku, Jumamosi unatoka usiku, Jumapili mapumziko. Vipindi ni 2, 2, 3, 3, 1, 1 na 5, jumla 17. Kati ya hivyo 17, acha 3 vitupu kabisa. Hivyo ni vya kulipa deni la siku utakayobakizwa wodini au utakayougua kichwa. Vimebaki 14. Wiki nne za kwanza ni vipindi 56 vya kusoma mada, na wiki mbili za mwisho ni za mitihani iliyopita. Hiyo 56 ndiyo bajeti yako ya kweli, na ukiiona kwa namba utaacha kujidanganya kwamba utasoma kila kitu.

Kabla ya kuigawa, fanya karatasi moja ya mtihani uliopita bila kusoma chochote, kwa muda kamili, uisahihishe. Mgawanyo ufuate alama zinazotolewa na alama unazopoteza. Kwa mfano, kama magonjwa ya watu wazima na upasuaji yana alama nyingi na wewe ni wa wastani, yape 22, afya ya uzazi 12, watoto 10, afya ya akili 7, afya ya jamii 5. Kosa la kawaida ni kuongeza vipindi kwenye somo unalolipenda kwa sababu linasomeka haraka.

Hesabu za dawa usizipe kipindi. Zipe dakika 15 kila siku isipokuwa asubuhi ya kutoka usiku, maswali matatu tu: moja la dripu, moja la sindano, moja la mtoto. Dripu ya ml 1000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa ml: 1000 × 20 ÷ 480, ni matone 42 kwa dakika. Anayekosea hapa mara nyingi amegawanya kwa 8 badala ya dakika 480, akapata 2500, na hakushtuka. Mtoto wa kilo 12, parasetamo mg 15 kwa kilo: mg 180, na shira ni mg 120 kwa ml 5, kwa hiyo ml 7.5. Jizoeze kujiuliza kila mara kama jibu linaingia akilini kabla ya kulipigia mstari. Ukiziacha hesabu wiki mbili, kasi inapotea ingawa kanuni unaikumbuka.

Wodi yenyewe ikusomeshe. Kwenye daftari la mfukoni andika maswali matatu kwa kila zamu, bila jina la mgonjwa wala namba ya kitanda. Yawe maswali kweli, yasiwe maelezo. Mfano uko wodi ya wazazi na kuna mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti. Usiandike "magnesiamu: angalia dalili za sumu". Andika: "Kabla ya dozi inayofuata nahakikisha mambo gani matatu, na nikikuta hayapo nafanya nini?" Jibu ni kupumua angalau mara 16 kwa dakika, goti liitikie linapogongwa, na mkojo usiopungua ml 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na unamwita msimamizi. Pumzi ikisimama, unamsaidia kupumua na anapewa kalsiamu glukonati gramu 1, yaani ml 10 ya asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Swali hilo moja limebeba dawa, uangalizi na dharura, na mtihani unapenda kuuliza hivyo hivyo.

Swali hilo lijibu kesho yake bila kutazama, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Andika tarehe hizo nne pembeni ya swali siku ileile. Tarehe ikiangukia siku ya usiku, fanya tu, kwa sababu kujiuliza maswali kumi hakuchukui dakika 15. Ukikosa, sogeza kwenda siku inayofuata na usirudie yote kwa pamoja. Ukishindwa swali siku ya 7, lirudishe kwenye siku ya kwanza.

Jambo moja la mtihani wa vitendo ambalo wodi inaweza kukuharibia. Wodini kazi ni nyingi na kila mtu ana njia zake za mkato: mwingine hajitambulishi, mwingine anahakiki jina kwa kuangalia kitanda, mwingine anaeleza utaratibu huku sindano imeshaingia. Mkono wako unajifunza hayo. Kwenye kituo cha mtihani kila hatua uliyoruka ni alama iliyokwenda, hata kama kanula imeingia vizuri. Kwa hiyo chagua utaratibu mmoja kwa kila zamu, mfano kuweka katheta au kubadilisha bandeji ya kidonda, soma orodha ya hatua ya chuo usiku wa kabla yake, ufanye kwa mpangilio huo chini ya msimamizi wako, ukitamka kila hatua kwa sauti ya chini. Ukitoka, weka alama kwenye hatua uliyosahau. Ukiona ni hatua ileile mara mbili, hiyo ndiyo itakayokukosesha siku yenyewe.

Wiki ya tano na ya sita, karatasi nzima ya saa tatu inakaa siku ya mapumziko na inakula vipindi 4. Kusahihisha kuwe siku inayofuata, vipindi 2, na kila alama uliyopoteza iwekee herufi: J kama jibu hukulijua, S kama hukuelewa swali, M kama muda uliisha. Herufi J zinarudi kwenye daftari la maswali. Herufi S zikizidi, tatizo si kusoma. Unajibu usichoulizwa, hasa maswali ya "ungefanya nini kwanza", ambapo wengi wanaandika kumpigia daktari simu wakati mgonjwa hajafunguliwa njia ya hewa. Na kwenye mpango wa uuguzi, andika sababu ya kila kitendo. "Kumweka mkao wa kukaa" peke yake ni nusu ya jibu. "Ili mapafu yatanuke na apumue kwa urahisi" ndiyo nusu ya pili. Hapo ndipo alama za watu wanaojua kazi zinapomwagika.

Leo leo, kabla ya kufungua kitabu chochote, angalia rosta ya wiki ya sita. Ukikuta una zamu ya usiku ndani ya siku mbili kabla ya karatasi ya kwanza, mtafute mwenzako wa kubadilishana naye na umwombe msimamizi wa wodi aidhinishe kwa maandishi. Ombi la wiki sita kabla hukubaliwa kirahisi. La siku tatu kabla halina wa kulisikiliza, kwa sababu kila mtu kwenye rosta ile naye ana mtihani.