Kuifundisha Rimoti Moja Iendeshe Televisheni, King'amuzi na Saundibaa

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba ambamo nimeombwa kulitengeneza jambo hili, tabu kubwa haikuwa wingi wa rimoti juu ya meza. Tabu ni kwamba kila moja kati ya rimoti hizo tatu ina vitufe vyake vya VOL+ na VOL-, ilhali sauti inayosikika sebuleni inatoka kwenye saundibaa peke yake. Mtu anashika rimoti ya king'amuzi ili abadilishe stesheni, anaona sauti ni kubwa mno, anaishusha kwa kitufe kilicho mkononi mwake, kisha anayekuja baada yake hasikii kitu na anaipandisha saundibaa hadi mwisho. Siku ya pili king'amuzi kiko chini kabisa, saundibaa iko juu kabisa, na wa kwanza kuipandisha sauti ya king'amuzi anaishtua nyumba nzima.

Kwa hiyo, kabla hujanunua rimoti ya pamoja, ile ambayo wauzaji wa Darajani na Mlandege huiita ya yunivasali, chukua karatasi uandike ni chombo gani kitakachotii kila kitufe. Nambari, stesheni na menyu ni za king'amuzi. Kuchagua tundu la kuingizia picha ni kwa televisheni. Vitufe vitatu vya sauti, yaani VOL+, VOL- na MUTE, ni vya saundibaa, na viwe vya saundibaa hata pale rimoti inapokuwa upande wa televisheni au upande wa king'amuzi, yaani baada ya kubonyeza kitufe cha kuchagua chombo kimoja kati ya hivyo. Mgawo huo ndio kazi yenyewe. Yanayobaki ni kubonyeza.

Rimoti hizi ziko za aina mbili. Ya kwanza imekuja na orodha ya namba za makampuni: unaingiza namba ya chombo chako na rimoti inaanza kusema lugha ya chombo hicho. Ya pili inaweza kufundishwa, maana yake unaielekezea rimoti ya asili, unabonyeza kitufe, nayo inakariri ilichokiona. Ziko pia zenye uwezo wote wawili, na hizo ndizo ninazoshauri zinunuliwe hata kama bei imezidi kidogo, kwa sababu saundibaa nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni za majina ambayo hayamo katika kitabu chochote cha namba. Unapoiuliza dukani, tazama kama ina kitufe kilichoandikwa LEARN, au kama kikaratasi chake kinaeleza namna ya kuifundisha.

Jambo la kuhakikisha kabla ya kulipa ni kama rimoti zako za asili zinatumia mwanga. Fungua kamera ya simu, hasa ile ya mbele, ielekezee kichwa cha rimoti na ubonyeze kitufe. Ukiona nukta yenye rangi ya zambarau au nyeupe ikimetameta kwenye kioo cha simu, kitufe hicho kinatuma mwanga usioonekana kwa macho, na kitafundishika. Usipoona kitu na betri ni nzima, huenda kinatumia mawimbi ya blutuuthi, kama zilivyo baadhi ya rimoti za televisheni za kisasa zenye kipaza sauti. Kitufe cha namna hiyo hakikaririki. Hata hivyo, televisheni nyingi kati ya hizo bado zina jicho la kupokea mwanga, kwa hiyo namba ya kampuni iliyomo kitabuni mara nyingi huziendesha.

Nitaeleza kazi niliyoifanya Wete, nyumbani kwa mama mdogo, kwa sababu mambo mengi yenye kusumbua yalikutana humo. Televisheni yake ni ya kampuni inayojulikana, king'amuzi kimeungwa kwa waya wa HDMI, na saundibaa, ambayo jina lake halimo kitabuni, imeungwa na televisheni kwa waya wa mwanga. Alilolitaka alilisema kwa maneno machache: "Mwanangu, mimi sitaki kujua kipi ni kipi. Nipe cha sauti kimoja na cha stesheni kimoja."

Nilianza na televisheni, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Nilibonyeza kitufe cha TV, nikashikilia SET mpaka taa nyekundu ikawaka bila kuzima, nikaingiza namba ya kampuni yenye tarakimu nne, na taa ikazima yenyewe, kuonesha kwamba namba imekubaliwa. Rimoti nyingine huwa na mpangilio tofauti kidogo, na kikaratasi chake ndicho cha kufuatwa. Lililo muhimu ni kwamba taa kukubali namba si ushahidi kwamba umepata namba inayokufaa. Kampuni moja huwa na namba kadhaa; ya kwanza inaweza kuizima televisheni vizuri kabisa lakini isifungue menyu wala isibadilishe tundu. Kwa hiyo jaribu vitufe visivyopungua vinne, siyo POWER peke yake, na kimoja kikikataa, ingiza namba inayofuata.

Kisha nikageukia kufundisha. Zilaze rimoti mbili juu ya meza, kichwa kwa kichwa, zikiachana kwa sentimita 2 hadi 5, na ziwe katika usawa mmoja. Iliyo nyembamba iinue kwa kitabu. Weka betri mpya katika zote mbili, kwani mwanga hafifu hukaririwa vibaya. Fanya kazi hiyo mbali na dirisha lenye jua. Rimoti husema kwa kuwasha na kuzima mwanga kwa kasi, kwa kawaida karibu mara 38,000 kwa sekunde, na jua kali au baadhi ya taa za dari huchafua kile kinachopokelewa.

Hapa pana kosa moja la siri ambalo huwafanya watu wengi waamini kwamba rimoti waliyonunua ni mbovu. Katika mfumo unaotumiwa na vyombo vingi, ukibonyeza kitufe rimoti hutuma kwanza ujumbe kamili, na ukiendelea kukishikilia haurudiwi ujumbe ule. Hutumwa ishara fupi tu yenye maana ya "endelea". Ukikishikilia kitufe cha rimoti ya asili kwa muda mrefu wakati wa kufundisha, inayojifunza inaweza kudaka ile ishara fupi badala ya ujumbe. Taa itamulika kama kwamba mambo yamekubali, lakini saundibaa haitasikia lolote. Bonyeza mara moja, kwa uthabiti, uachie. Kitufe kikikataa baada ya hapo, kifundishe upya hicho tu bila kuvifuta vingine.

Vitufe vya saundibaa nilivifundisha mara mbili: kwanza rimoti ikiwa upande wa TV, halafu ikiwa upande wa STB, ambao ni wa king'amuzi. Hapa ndipo matakwa ya mama mdogo yalipotimia, kwa sababu kitufe kilichofundishwa huchukua nafasi ya kile kilichokuja na namba ya kampuni, katika upande ule ule uliokifundishia. Baada ya hapo hakuna tena njia ya kuipandisha sauti ya televisheni wala ya king'amuzi kwa bahati mbaya. Tulikiacha king'amuzi katika sauti yake ya juu na spika za televisheni tukazizima katika menyu ya sauti. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: ukibonyeza VOL+ na mstari wa sauti ukatokea kwenye kioo cha televisheni, basi upande huo haujafundishika.

Kama saundibaa yako imeungwa kwa HDMI katika tundu lililoandikwa ARC, huenda usihitaji kazi hiyo kabisa. Waya huo hupitisha amri pamoja na sauti, na televisheni huweza kuiongoza saundibaa yenyewe, mradi sehemu inayohusika imewashwa katika menyu: kwenye Samsung huitwa Anynet+, kwenye LG ni SimpLink, na kwenye Sony ni Bravia Sync. Waya wa mwanga, kama ule wa Wete, haupitishi amri.

King'amuzi ndicho kilichotuchelewesha. Namba za kitabuni hazikukiendesha, nikakifundisha kitufe kimoja kimoja, vyote vikaitika. Lakini kila alipotaka stesheni yenye tarakimu mbili zinazofanana, tuseme 11, king'amuzi kilipokea 1 moja tu. Sababu ni kwamba baadhi ya rimoti hubadilisha alama ndogo ndani ya ujumbe kila unapobonyeza upya, ili chombo kijue kwamba umebonyeza mara ya pili na hukushikilia tu. Rimoti iliyokariri hutuma alama ile ile siku zote, na chombo hudhani kidole hakijanyanyuka. Dawa ya kweli ni kupata namba ya kampuni inayokifaa king'amuzi hicho, kwani huko alama hubadilika kama inavyotakiwa. Niliiachia rimoti ijitafutie namba yenyewe, jambo linalotaka subira kwa kuwa inapitia namba moja baada ya nyingine huku ukingoja kuona king'amuzi kikizima, na ikaipata. Kisha nikavifuta vile vya king'amuzi nilivyovifundisha, kwa sababu vingebaki vingeendelea kuifunika namba hiyo.

Kuhusu POWER, siwashauri watu kuviwasha vyombo vyote vitatu kwa kitufe kimoja, ingawa rimoti nyingi zinaahidi hivyo. Kitufe cha kawaida cha POWER hakisemi "washa" wala "zima", kinasema "geuka". Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi king'amuzi huamka chenyewe na televisheni hubaki imelala. Ukibonyeza kitufe cha pamoja wakati huo, televisheni itawaka na king'amuzi kitazima, na ukirudia vitabadilishana tu. Kwa mama mdogo kila chombo kina POWER katika upande wake, na saundibaa hulala yenyewe baada ya muda isiposikia sauti.

Saundibaa isiwekwe mbele ya jicho la televisheni. Jicho hilo kwa kawaida liko ukingo wa chini wa kioo, na saundibaa iliyosimama juu ya kabati huliziba, kisha mtu akaketi chini kwenye mkeka na kuona kwamba rimoti haifanyi kazi, ilhali akisimama inafanya. Isogeze mbele na chini, au uinue televisheni.

Rimoti za asili usizitupe. Blutuuthi ya saundibaa na marekebisho ya besi huwa hayana kitufe katika rimoti mpya, na siku ikipotea au ikiharibika utazihitaji uifundishe nyingine. Zitoe betri kabla ya kuzihifadhi, kwani betri huvuja, na hewa yetu ya chumvi huzila haraka zile springi ndogo za chuma zinazozishika. Namba ya televisheni na ya king'amuzi ziandike kwenye kipande cha karatasi ukibandike ndani ya kifuniko cha betri cha rimoti mpya.