Supu ya pweza, nyama ya Jumapili na akiba ya kreatini kwenye misuli

Swali: "Wakuu habari. Nina miaka 26, kilo 70, naishi Mbagala. Nyama kwangu ni Jumapili, siku nyingine wali maharage, ugali dagaa mara tatu hivi kwa wiki. Gym seti ya kwanza niko vizuri, ya tatu chuma kinanishinda kabisa. Jamaa mmoja pale anasema mwili wangu hauna kreatini, ninunue kopo. Kweli mtu anaweza kukosa kreatini? Na nikinywa supu ya pweza kila jioni si itatosha?"

Mkuu, kukosa kabisa hapana. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kreatini mwenyewe kila siku. Ila kuwa na akiba ndogo kuliko mwenzako anayekula nyama kila siku, hilo lipo, na kwa mlo ulioueleza nadhani ndiko uliko. Pweza hatakusaidia kwa hili, nitaeleza kwa nini.

Nakujibu kama mtu aliyepita humo. Nyumbani kwetu Ubungo ni Wasabato, na mama aliacha kupika nyama na samaki nikiwa na miaka tisa. Nilianza kupiga chuma nikiwa chuo, nikala maharage, njugu, mayai na maziwa kwa miaka yote ile. Mayai na maziwa yalinipa protini ya kutosha, lakini kreatini ni jambo jingine. Lita nzima ya maziwa ina kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Maharage, choroko, karanga na mchicha unaweza kuhesabu hazina kitu.

Kreatini hukaa kwenye mnofu. Hata jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la nyama, kwa sababu Mfaransa Chevreul aliigundua mwaka 1832 ndani ya mchuzi wa nyama. Ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki na sisi wenyewe tunaihifadhi sehemu ileile. Kati ya kreatini yote uliyo nayo, karibu asilimia 95 iko kwenye misuli ya mwili, na kidogo kinachobaki kiko kwenye ubongo, moyo na kwingineko. Mtu wa kilo 70 kama wewe hubeba kama gramu 120. Sehemu kubwa yake, kama theluthi mbili, imefungwa na fosfati, na hiyo ndiyo inayokunyanyulia chuma sekunde zile kumi za mwanzo kabla misuli haijategemea njia nyingine za kupata nguvu.

Sasa fikiria tenki la maji la nyumbani lenye tundu dogo chini. Kila siku karibu gramu 2 kati ya zile 120 hugeuka zenyewe kuwa kreatinini, mwili hauna matumizi nayo, figo zinaitoa kwenye mkojo. Kwa hiyo lazima gramu 2 ziingie. Moja hivi unaitengeneza mwenyewe: kazi inaanzia kwenye figo, inamaliziwa kwenye ini, halafu damu inaipeleka kwenye misuli. Ile ya pili, kwa mtu anayekula nyama au samaki kila siku, inatoka kwenye sahani. Usipoiweka kwenye sahani tenki halikauki. Maji yakishuka, msukumo kwenye tundu unapungua na kinachovuja kinapungua pia, mpaka kiingiacho na kitokacho vinalingana. Unabaki na tenki ambalo halijajaa, na linabaki hapohapo miaka na miaka. Ndivyo nilivyokuwa mimi, na ndivyo vipimo vya misuli ya watu wasiokula nyama vinavyoonyesha: wana akiba, ila ya chini.

Tupige hesabu ya wiki yako. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe mbichi ina gramu 4 mpaka 5 za kreatini. Ukipata robo kilo yako Jumapili, hiyo ni gramu moja na kidogo. Dagaa ni samaki mzima mwenye misuli yake, hivyo wamo kwenye hesabu, lakini angalia wingi. Kiganja cha dagaa wakavu kabla hawajaanikwa walikuwa kama gramu 100 za samaki, na kilo ya samaki wengi ina gramu 3 mpaka 4 na nusu. Basi kila mlo wa dagaa tuuwekee theluthi ya gramu, mara tatu ni gramu moja. Jumla yako ni kama gramu 2 kwa wiki, wakati mwenzako anayekula robo kilo ya nyama au kibua wawili wakubwa kila siku anapata zaidi ya 7. Wewe hujaacha nyama kwa imani wala kwa daktari, lakini misuli yako iko karibu na yangu kuliko na yake. Watu wengi mjini hapa wako hivyohivyo bila kujiita wasiokula nyama: mzee ambaye meno yamekwisha na anaishi kwa uji na mtori usio na mnofu, au dada wa kazini ambaye mchana wake ni chipsi mayai siku tano mfululizo.

Upishi nao unakula sehemu. Nyama ikichemka muda mrefu, kreatini nyingine inageuka kreatinini kwa moto na nyingine inahamia kwenye maji. Mama ntilie akichemsha nyama, akamwaga mchuzi wa kwanza na kuikaanga upya, amemwaga na kreatini. Ndiyo maana supu ya nyama asubuhi na chapati si kitu cha kudharau, mradi ni supu ya mnofu. Kongoro ni habari nyingine, maana ule utelezi unaokuganda midomoni ni jelatini ya mifupa na ngozi, hauna kreatini ya kuhesabu. Ini pia watu wanalikosea. Ni kweli ini linatengeneza kreatini, lakini halihifadhi, linaitupa kwenye damu. Ukila maini umepata chuma na vitamini nyingi, kreatini kidogo sana.

Na pweza. Najua meza za jioni, sufuria linafuka, mikia inakatwa vipande kwa kisu kidogo, kikombe cha supu na pilipili na ndimu. Nimesimama pale na rafiki zangu mara nyingi nikisikiliza habari za nguvu za pweza. Ukweli ni kwamba misuli ya pweza haitumii kreatini kwa kazi hii. Sisi wenye uti wa mgongo, pamoja na samaki, tunaweka fosfati yetu kwenye kreatini. Pweza, ngisi, kamba na kaa wanaiweka kwenye kitu kingine kinachoitwa arginini. Kwa hiyo pweza ni protini nzuri sana, kunywa supu yake kama unaipenda, lakini ukitaka kreatini pale Feri pita meza ya pweza uende kwa vibua, changu na jodari.

Kabla hujanunua kopo, jaribu kitu kimoja cha bure. Unapumzika muda gani kati ya seti? Ile fosfati iliyotumika inarudi nusu kwa kama nusu dakika, na karibu yote kwa dakika 3 mpaka 5. Vijana wengi gym wanapumzika sekunde 40 wakiwa na simu mkononi, halafu seti ya tatu inapogoma wanalaumu chakula. Weka saa, pumzika dakika 3 kamili, uzito uleule, wiki mbili. Seti ya tatu ikirudi, tatizo lilikuwa saa. Isiporudi, angalia kwanza kama unakula chakula cha kutosha kwa ujumla na kama unalala.

Mimi nilipumzika vizuri na bado nilikwama, nikaamua kutumia unga. Ule wa kawaida, kreatini monohaidreti, hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, hautoki kwa mnyama, hivyo hata nyumbani haukuleta shida. Kapsuli ndizo za kusoma maelezo yake, maana ganda linaweza kuwa la jelatini. Kosa langu ni kwamba nilikimbilia dozi ya kujaza haraka, gramu 20 kwa siku kwa wiki nzima. Inajaza kweli, na sisi tenki tupu tunajaza zaidi kuliko wala nyama, maana misuli ina kikomo na wao wako karibu nacho tayari. Nilipanda kilo moja na nusu kwa siku saba, karibu yote maji yanayoingia kwenye misuli, nikahara siku mbili. Kwenye benchi nilikuwa naishia mara sita seti ya tatu, mwezi ule nikafika nane. Si muujiza, ila niliuona. Gramu 3 kwa siku zingenifikisha palepale kwa wiki nne bila kuhara.

Siku chache baadaye nilipima afya kwa ajili ya kazi. Kreatinini ya damu, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa 88, ikatoka 116. Kwenye zahanati ile hakuna aliyeniuliza ninakula nini wala ninatumia nini. Nikaambiwa figo zangu zimeanza kuharibika na nijiandae. Mama alilia usiku ule, nami sikulala. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa daktari mwingine, nikamwekea kopo mezani. Alinieleza kwamba kreatini nyingi ikiingia, kreatinini nyingi inatoka, namba inapanda hata kama figo ziko salama. Alipima mkojo, hakuna protini iliyovuja. Alinituma pia kupima sistatini C, kipimo kingine cha figo ambacho hakitokani na kreatini, nacho kikawa cha kawaida. Nikaacha unga mwezi mmoja, namba ikarudi 90. Wiki iliyofuata nikaanza tena, safari hii gramu 3 tu, kijiko kidogo kilichosawazishwa, na chai ya jioni.

Kwa hiyo ukiamua kutumia, pima kreatinini kabla hujaanza ili uwe na namba yako ya mwanzo, na kila ukienda maabara taja unga huo hata usipoulizwa. Kama una kisukari, presha, au ulishawahi kuambiwa figo zina shida, usianze kwa maneno yangu wala ya jamaa wa gym, anzia kwa daktari. Na kama pesa ya kopo ni ileile ya kitoweo, mimi ningekuwa wewe ningechukua vibua mara mbili zaidi kwa wiki, niwapike mchuzi mwepesi, na mchuzi ninywe wote. Niambie kwanza unapumzika dakika ngapi.