Maiki ya USB: sauti ndogo, na fisi akicheka inakwaruza

*Swali: Habari fundi. Narekodi hadithi za watoto kwa Audacity kwenye laptopu ya Windows, maiki yangu ni ya USB ya kusimama mezani, nimeiweka nyuma ya skrini. Sauti ilikuwa ndogo mno, kama naongea chumba cha pili. Nikapandisha kila kitu mpaka mwisho. Sasa kusoma kawaida kunasikika, lakini fisi akicheka sauti inapasuka, na feni ya laptopu inavuma muda wote. Maiki ni mbovu?*

Dada yangu, usinunue nyingine. Dalili tatu ulizozitaja zina chanzo kimoja: maiki iko mbali na mdomo, na umbali huo umejaribu kuufidia kwa geini, yaani kiasi cha kukuza sauti inayoingia kwenye maiki.

Nyuma ya skrini ni kama sentimita 60 kutoka mdomoni. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako kwenye maiki inaongezeka kwa takriban desibeli 6, yaani kimo cha wimbi kinakuwa mara mbili. Kutoka 60 hadi 30, kisha 30 hadi 15, umepata desibeli 12 bila kugusa kitufe chochote, na feni imebaki pale pale ilipokuwa. Geini haiwezi kukufanyia hivyo. Ukiipandisha, inainua sauti yako na feni kwa pamoja.

Kwa hiyo ihamishe kwanza. Isogeze pembeni mwa laptopu, ipandishe juu ya vitabu viwili vitatu mpaka ifikie usawa wa kidevu, sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, ambazo ni kama shubiri moja ya mkono mdogo. Iweke kidogo upande, isitazamane na midomo moja kwa moja, maana ukisema “paka” au “baba” pumzi inagonga maiki na kutoa kishindo ambacho wengi hudhani ni mkwaruzo. Angalia pia inasikilizia wapi. Maiki nyingi nene za mezani husikiliza kwa ubavu, upande wenye nembo, wala si kwa kichwa. Nilishawahi kuletewa maiki “mbovu” ambayo mwenyewe alikuwa akiielekeza ncha mdomoni kama ya mwimbaji jukwaani. Tuliisimamisha wima tu, ikapona.

Sasa geini. Kama maiki yako ina kitufe cha kuzungusha, hakikisha ndicho cha geini, kwa sababu kwenye baadhi ya maiki cha mbele ni sauti ya hedifoni na cha geini kipo nyuma. Kirudishe katikati. Kisha upande wa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

```
mmsys.cpl
```

Fungua Recording, bofya maiki yako mara mbili, nenda Levels. Kwenye kisanduku cha namba bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague decibels. Hapo utaona jambo ambalo asilimia hulificha: kwenye maiki moja 100 ni sifuri desibeli, kwenye nyingine 100 ni desibeli kadhaa za nyongeza juu ya zile za kitufe. Ikiwa yako inapita sifuri, irudishe iwe 0.0 dB au jirani yake. Hiyo ya kupandisha mpaka mwisho ndiyo iliyokuwa ikimkata fisi wako.

Fungua Audacity, hakikisha imechagua maiki ya USB na siyo ile ya ndani ya laptopu (gusa maiki ya USB taratibu kwa ukucha, mita iruke). Halafu usipime geini kwa sauti ya msimulizi. Pima kwa fisi. Cheka kile kicheko kikubwa kabisa utakachokitumia kwenye hadithi, na uzungushe kitufe mpaka kilele chake kwenye mita kifike kama −6 dB. Ukishafika hapo, kiache. Msimulizi atakuwa chini yake, tuseme −18 dB, na hapo ndipo watu wengi huharibu kazi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Wimbi la Audacity linachorwa kwa kipimo cha kawaida, si cha desibeli. Kilele cha −6 dB kinajaza nusu ya kimo cha mstari. Kilele cha −12 kinajaza robo tu. Cha −18 kinajaza kama moja ya nane, na mtu akiona uzi mwembamba hivyo anaamini hajarekodi kitu, anapandisha geini tena. Usifanye hivyo. Uzi huo una kila kitu ndani yake, na ukimaliza kurekodi utaukuza. Nafasi tupu iliyobaki juu ni ya fisi.

Akiendelea kupasuka, kuza picha ya wimbi mahali anapocheka. Wimbi zima lina vilele vya mviringo. Lililopasuka vilele vyake vimenyooka bapa, kama ua wa michongoma uliopunguzwa kwa panga. Ukiona bapa, shusha kile kitelezi cha Levels kwenye Windows hadi asilimia 40 ucheke tena. Vilele vikirudi kuwa mviringo, kosa lilikuwa la kitelezi. Vikiwa vimefupika lakini bado ni bapa, sauti imekatwa ndani ya maiki kabla haijafika kwenye laptopu, na dawa ni kushusha kitufe cha maiki au kumrudisha fisi nyuma hadi sentimita 30. Kushusha chochote kwenye kompyuta hakutasaidia, maana kilichokwisha kukatwa kinafika kikiwa kimekatwa.

Mkwaruzo unaosikika hata ukiwa kimya ni kitu kingine kabisa, hauhusiani na geini. Huo nautafuta kwenye waya na kwenye tundu la USB: chomeka moja kwa moja kwenye laptopu bila kigawanyio, jaribu waya mwingine, chomoa chaja uone kama mvumo unakatika, na hakikisha Windows na Audacity zote ziko 48000 Hz.

Na jambo la mwisho kwenye mipangilio: kama laptopu hiyo unaitumia pia kwa mikutano ya Zoom, ingia sehemu yake ya Audio uondoe tiki kwenye “Automatically adjust microphone volume”. Tiki ikiwepo, Zoom inakisogeza kitelezi cha Windows yenyewe, na siku ya kurekodi unakuta geini siyo uliyoiacha.

Rekodi ulizokwisha kufanya zigawe mafungu mawili. Zile za mwanzo, zilizokuwa ndogo, usizifute. Chagua zote, tumia Amplify, sauti itapanda. Feni itapanda nayo, lakini msimulizi atasikika. Zile ambazo fisi amepasuka, Clip Fix ya Audacity inaweza kulainisha vilele vichache vilivyokatwa kidogo, ila kicheko kizima kilichokuwa bapa haitakirudisha. Kirekodi upya hicho kicheko peke yake, maiki ikiwa mahali pake papya, ukibandike kwenye hadithi.