Mwenzenu hatoi hela ya mchezo? Soma orodha kabla hujamsoma yeye

Grupu letu la mchezo la Wasap tuko kumi, wengi wafanyabiashara wadogo hapa Dar. Kila Jumamosi mtu anatoa elfu 50, mwenye zamu anaondoka na laki 5, mweka hazina anabandika orodha ya majina na ukilipa anakuwekea tiki. Sasa kuna dada mmoja, namba 8, wiki ya 5 jina lake likabaki bila tiki, wiki ya 6 tena hamna kitu. Weee, grupu lilichafuka! Mara "kuna watu humu wanatuona wajinga", mara mtu kaweka voisi ndefu ya kumwita tapeli.

Mi nikarudi kwenye orodha. Huyu zamu yake bado, ameshatoa wiki 4, yaani laki 2 zake ziko mifukoni mwa wenzake na deni lake ni laki 1 tu, kwa hiyo kwa hesabu sisi ndo tulikuwa na hela yake. Angekuwa keshapokea hapo kweli roho ingenidunda.

Halafu angalia anayeongea ni namba ngapi. Namba 5 na 6 walipokea laki 4 na nusu badala ya laki 5, hasira zao ni za haki kabisa. Namba 9 na 10 wanapiga kelele kwa woga, maana wao ni wa mwisho. Na wale wa "jamani tuvumiliane" wengi ni namba 1 na 2, walishakula zamani, kuvumilia kwao rahisi lol.

Meseji iliyonitisha haikuwa tusi. Ni mmoja aliyeandika kwa upole kabisa "basi na mimi nasubiri wengine walipe kwanza". Ukiona hiyo usilale, wakifika watatu wa kusubiriana mchezo umekufa.

Kwa mdaiwa usihangaike na tiki za bluu, watu wanazizima. Sikiliza ahadi. "Nitatuma jioni" mara tatu bila kiasi maana yake hana na anaona aibu, ila anayesema "Jumatano nina elfu 20" huyo anahesabu, mpe nafasi.

Yule dada namba 8, katibu akampigia, hakumwandikia. Kumbe mtaji ulikuwa umekatika. Wakakubaliana zamu yake ikifika laki 1 inakatwa, elfu 50 inaenda kwa namba 5 na elfu 50 kwa namba 6, na kuanzia wiki ya 7 anatoa kama kawaida, halafu akaiandika mwenyewe kwenye grupu ili isionekane katibu anambeba.

Ila kama keshapokea hiyo njia haipo, huna cha kumkata. Hapo mtafuteni aliyemleta kwenye mchezo, mpangiane vipande vidogo vyenye tarehe, na muanze wiki ileile ya kwanza aliyokosa.